Salio limeshuka kutoka 500 hadi 50 baada ya meseji ya mtandao, asubuhi likasoma 61. Nani anaelewa?

Ua la Mbarika
Habari zenu wakuu. Jana jioni nilikuwa na salio 500 la kawaida, na bando la data nililonunua asubuhi lilikuwa limebaki na MB 180 hivi. (Nataja namba tupu, kila mtu atie fedha ya kwao.) Kabla ya saa moja usiku ulikuja ujumbe mfupi, ule unaojitokeza katikati ya skrini bila kuingia kwenye meseji. Sikuusoma vizuri, nilibonyeza tu uondoke. Saa tatu na robo hivi ikaja meseji ya kawaida: bando lako limeisha. Nilikuwa naangalia video na video haikukatika, kwa hiyo nikajua wamekosea. Baadaye kidogo nikaangalia salio, nikakuta 50! Nikazima data, nikalala kwa hasira.

Asubuhi naangalia tena, salio ni 61. Sijaongeza vocha wala hakuna aliyenitumia. Hiyo 450 imekwenda wapi, na hiyo 11 imetoka wapi?

Kengele
Dada, umeshajiunga na huduma bila kujua. Ule ujumbe wa katikati ya skrini ndiyo mtego wenyewe. Ukibonyeza Sawa wanahesabu umekubali nyota yako, mapenzi, matokeo ya mpira, sijui nini. Tafuta namba fupi iliyokutumia, jibu STOP au ONDOA, kesho utaniambia.

Nusu Bando
Mimi pia nimeibiwa wiki hii. Nilituma meseji moja tu, moja, wakakata bei ya meseji tatu. Tena ilikuwa ya salamu, haikuwa hata ndefu. Hawa watu hawana huruma kabisa.

Kengele
Nusu Bando, dada anazungumzia meseji aliyopokea, wewe unazungumzia uliyotuma.

Nusu Bando
Si zote ni meseji na salio limepungua?

Panzi Mweupe
Nimefanya kazi miaka kadhaa upande wa mifumo ya makato ya simu, na sasa nimeachana nayo, kwa hiyo simtetei mtu. Ua la Mbarika, kabla hatujamnyooshea kidole yeyote, omba orodha ya makato. Mitandao mingi unaipata kwenye programu yao au kwa kupiga huduma kwa wateja. Unataka kila kato na saa yake, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi ulipozima data. Usikubali wakupe jumla peke yake, kwa sababu jumla haitatuonyesha chochote.

Nusu Bando, ya kwako ni fupi. Je, ulitia vikatuni vya kucheka ndani ya salamu?

Nusu Bando
Viwili tu, na ua moja mwishoni.

Panzi Mweupe
Basi ndiyo hiyo. Meseji yenye herufi za kawaida tu inabeba herufi 160. Ukitia kikatuni kimoja, meseji nzima inabadilishwa mfumo wa uandishi na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba 67 kwa sababu nafasi nyingine inachukuliwa na maelezo ya kuviunganisha tena upande wa pili. Salamu yako ilikuwa kati ya herufi 135 na 201, ikaondoka kama vipande vitatu na ukalipia vitatu, ingawa mpokeaji ameona meseji moja. Toa vikatuni uitume tena, hata ikiwa ya herufi 150 utalipa moja.

Nusu Bando
Kumbe. Lakini bado ni wizi.

Mzee wa Antena
Mimi nasema simu yake ina kirusi. Salio haliwezi kushuka halafu lipande lenyewe. Aisafishe simu yote, arudishe kama ilivyotoka dukani.

Panzi Mweupe
Mzee wa Antena, asisafishe chochote kwa sasa. Kumbukumbu ya matumizi ya data iliyomo ndani ya simu tunaihitaji. Na hiyo 11 iliyorudi ndiyo dalili nzuri kuliko zote alizotaja. Kirusi hakirudishi chenji.

Ua la Mbarika
Nimepata orodha. Nimelazimika kuomba mara mbili, mara ya kwanza walinitumia jumla kama ulivyosema. Naandika hapa ilivyo:

19:02 huduma 10.00
21:12 data 40.00
21:14 data 40.00

Halafu inaendelea data 40.00, 40.00, kila baada ya dakika moja na kitu, hadi 21:25. Zote za 40 ni kumi. Ya mwisho ni 21:26 data 29.00. Baada ya hapo hakuna kitu hadi asubuhi.

Na nimeuliza bei ya data ukiwa huna bando, wameniambia 4 kwa kila MB.

Kengele
Hiyo 10 ya 19:02 mnaiona? Niliwaambia!

Panzi Mweupe
Kengele, umepatia kwa 10. Zimebaki 429, twende nazo polepole.

Tazameni makato yalivyokaa kabla ya kutazama ukubwa wake. Ile ya 19:02 ni moja, namba kamili, imesimama peke yake. Kato la huduma ya kujiunga huwa hivyo: linarudi lilelile, mara nyingi saa ileile, kila siku au kila wiki. Haya mengine yanafuatana kwa karibu, yanaanza ghafla, yanaisha ghafla, na la mwisho lina ukubwa wa ovyo. Hilo ni bomba la data lililokuwa wazi.

Sasa hesabu. Kwa bei ya 4 kwa MB, kila 40 ni MB 10. Kumi za namna hiyo ni MB 100, ongeza 29 ambayo ni MB 7 na robo. Jumla MB 107.25, sawa na 429. Ukiwa na 500, ukatoa 10, ukatoa 429, unabaki na 61. Hakuna kilichopotea, na asubuhi hakuna aliyekuongezea kitu.

Kwa nini basi usiku ulisoma 50? Mfumo wa makato hausubiri utumie ndipo ukate. Simu ikianza kuvuta data, mfumo unashikilia kwanza fedha ya kipande kizima, hapa ni MB 10, yaani 40. Kikiisha unashikilia kingine. Ni kama konda anayechukua nauli ya hadi mwisho wa njia na kukurudishia chenji ukishuka katikati. Ulipoangalia salio karibu na saa tatu na dakika ishirini na tano, vipande kumi vilikuwa vimeshakwisha na salio halisi lilikuwa 90. Kipande cha kumi na moja kilikuwa kimeshikilia 40, kwa hiyo ukaonyeshwa 50. Ukazima data ukiwa umetumia MB 7 na robo tu za kipande hicho. Ukatozwa 29, na 11 ikaachiliwa. Hapo 61 yako ya asubuhi.

Ukubwa wa kipande unategemea mtandao ulivyopanga, na si kila mtandao unaonyesha salio likiwa limeshatolewa kiasi kilichoshikiliwa. Lakini kwa orodha hii hakuna maelezo mengine yanayofikia 61 kamili.

Chungwa Bichi
Nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo kuangalia salio wakati data imewashwa ni kujiongezea presha bure?

Panzi Mweupe
Ndiyo. Zima data, subiri dakika chache, ndipo uangalie. Ukiangalia katikati ya matumizi, unachokiona ni salio likiwa limeondolewa kipande kilichoshikiliwa.

Mzee wa Antena
Sawa, lakini MB 107 ndani ya dakika kumi na tano? Simu gani inakula hivyo kama haina kirusi?

Panzi Mweupe
Simu inayoonyesha video, mzee. MB 107 kwa dakika 15 ni MB 7 na kidogo kwa dakika. Hiyo ni video ya ubora wa kati, hata si ule wa juu. Na MB 180 zilizokuwa zimebaki, kwa mwendo huohuo, zinaisha kwa dakika 25. Dada, ulianza kuangalia saa ngapi?

Ua la Mbarika
Saa tatu kasorobo, labda na dakika moja. Nakumbuka kwa sababu ndipo watoto walipolala.

Panzi Mweupe
Saa tatu kasorobo jumlisha dakika 25 ni saa tatu na dakika kumi. Kato la kwanza limeandikwa na dakika kumi na mbili, baada ya kipande cha kwanza cha nje ya bando kutumika. Inakubaliana.

Msomi Mchovu
Tumeelewa hesabu, lakini mnapita juu ya jambo kubwa. Bando likiisha, kwa nini intaneti isikatike? Mteja alinunua MB fulani. Hakusema mkimaliza hizo muingie kwenye akiba yangu. Na kwa nini meseji ije baada ya kato badala ya kutangulia? Panzi, hapa usikwepe.

Panzi Mweupe
Sikwepi. Kwa mfumo, bando na salio la kawaida ni mifuko miwili iliyopangwa kwa zamu. Wa bando ukikauka, mfumo unauliza kama mteja ana mfuko mwingine unaoruhusiwa kwa data. Kama salio la kawaida linaruhusiwa, unaendelea bila hata video kusita, na ndiyo maana dada alidhani meseji imekosea. Meseji nayo haitoki sehemu moja na kato. Mfumo wa makato unatuma taarifa kwamba bando limefika mwisho, taarifa inapita kwenye mfumo wa meseji, inapanga foleni na nyingine. Kato linafanyika papo hapo, meseji inaweza kuchelewa. Kwa dada ilichelewa kama dakika tatu, na ndani ya hizo dakika vipande viwili, yaani 80, vilikuwa vimeshakwenda.

Kwa hiyo meseji haikumkata. Ilikuwa inamwambia kwamba makato ya bei nyingine yameshaanza.

Msomi Mchovu
Umeeleza jinsi, hujaeleza haki. Afrika Kusini, kanuni za ICASA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, zilizoanza kutumika 2019 zinautaka mtandao umjulishe mteja akifika asilimia 50, 80 na 100 ya bando, na usimtoze bei ya nje ya bando mpaka akubali mwenyewe. Kama huko mifumo imeweza kuuliza kwanza, basi kwingine ni uamuzi wa biashara. Usituambie ni mambo ya mitambo.

Panzi Mweupe
Sijasema haiwezekani. Kuufunga mfuko wa pili kwa mteja mmoja ni kubadilisha alama moja kwenye akaunti yake. Kama ndiyo iwe hali ya kawaida kwa kila mteja mpya, hilo ni la watu wa biashara na wasimamizi wao.

Chungwa Bichi
Wapo pia wanaotaka iendelee. Mimi natumia data kazini, bando likikatika katikati ya kikao cha video ni aibu. Afadhali nikatwe.

Msomi Mchovu
Basi wewe uombe iendelee. Asiyeomba asikatwe.

Kengele
Narudi kwenye 10 yangu. Hiyo ndiyo itakayomla kila siku mkishamaliza siasa zenu.

Panzi Mweupe
Umesema kweli, na hapo nataka uangalifu. Ujumbe unaojitokeza katikati ya skrini ni wa aina mbili zinazofanana sana kwa macho. Mmoja ni meseji tu iliyoagizwa ionekane bila kuhifadhiwa. Ukiifunga umeifunga, hakuna jibu linalokwenda popote. Mwingine unatoka kwenye menyu ya laini au ni kikao kama kile cha kupiga nyota na reli, na huo unaweza kupokea jibu. Kwenye huo, kubonyeza Sawa kunaweza kumaanisha ndiyo, niunge. Dada, ulikuwa na kitufe kimoja au viwili?

Ua la Mbarika
Viwili nadhani. Sina uhakika. Nilikuwa jikoni. Lakini nikikumbuka vizuri, kati ya ule ujumbe na saa moja niliingia kwenye tovuti moja kutafuta wimbo, kulikuwa na kitufe kikubwa cha kupakua, nikabonyeza, ikafunguka kurasa nyingine ya matangazo nikaifunga.

Panzi Mweupe
Basi tuna watuhumiwa wawili. Ukiwa kwenye data ya laini, mtandao unajua namba yako, na kuna mipango ya malipo ambayo inampa mwenye ukurasa uthibitisho wa namba bila wewe kuiandika. Mbonyezo mmoja, au miwili iliyofichwa vizuri, unatosha kukuunga. Ungekuwa kwenye waifai ukurasa huo ungelazimika kukuomba namba. Kama ni ujumbe au ni kitufe, orodha yako haituambii, imeandika "huduma" tu. Aliye na jina la huduma na njia iliyotumika kuiunga ni huduma kwa wateja.

Kengele
Ni ule ujumbe. Nauamini moyo wangu.

Ua la Mbarika
Nimerudi. Jana saa moja na dakika mbili usiku, 10 nyingine. Nikajibu STOP kwenye namba fupi iliyoniletea meseji ya bando, nikajibiwa kwamba sijajiunga na huduma yoyote.

Kengele
Mimi nilisema namba fupi iliyokuunga, dada, siyo yoyote ile.

Chungwa Bichi
Kengele, ujumbe wa katikati ya skrini haukubaki kwenye simu. Angeipata wapi namba?

Panzi Mweupe
Ndiyo shida. STOP inafanya kazi kwenye namba fupi ya huduma husika tu. Ukiituma kwenye namba ya matangazo ya mtandao, unapewa jibu la kweli lisilokusaidia: kwenye namba ile hujajiunga. Piga huduma kwa wateja, wasomee kato la 19:02 la siku zote mbili, waambie wataje jina la huduma, tarehe na njia ya kujiunga, waitoe wakiwa nawe hewani. Halafu omba mambo mawili mengine kwa maneno ya wazi: nifungieni huduma zote za kulipia za watu wa nje, na data isitumie salio langu la kawaida. Usiunganishe hayo mawili kuwa ombi moja la "msinikate", watakujibu kwa salamu.

Mzee wa Antena
Na simu yenyewe haiwezi kuzuia? Kwenye yangu kuna sehemu ya kuweka kikomo cha data.

Panzi Mweupe
Kwenye simu za Android ipo, na inasaidia, mzee. Lakini ina mapungufu mawili. Simu inahesabu kwa kalenda yake, kawaida mwezi mzima, wakati bando lako linaanza saa uliyonunua. Na hesabu ya simu na ya mtandao hazilingani kabisa. Ukiweka kikomo, kiweke chini ya bando kwa kiasi cha kutosha. Kwa bando la siku moja ni usumbufu, kila siku unahesabu upya. Iphone haina kikomo cha namna hiyo, unaweza kuzima data kwa programu moja moja tu.

Njia ya kienyeji inayofanya kazi kila mahali: usiweke salio la ziada kwenye laini ya data. Likiwa karibu na sifuri, mfuko wa pili ni mtupu na video itakatika yenyewe.

Nusu Bando
Mimi salio langu huwa sifuri siku zote na bado nakatwa nikiweka vocha.

Panzi Mweupe
Je, huwa unakopa salio?

Nusu Bando
Hilo ni jambo lingine.

Ua la Mbarika
Nimepiga. Nilisubiri sana lakini nimempata kijana muelewa. Huduma ni ya nyimbo za kuita, na njia ya kujiunga imeandikwa "tovuti", muda 18:58. Ameitoa na amefunga nyingine zote. 20 wamenirudishia. Kuhusu 429 amekataa, anasema nilitumia kweli na bei ipo kwenye masharti. Kufunga salio lisitumike kwa data amesema ni ombi linalokwenda idara nyingine, nisubiri.

Kengele
18:58 tovuti. Haya. Lakini ujumbe wa katikati ulikuwa wa nini basi?

Panzi Mweupe
Inawezekana ulikuwa tangazo tupu. Hatutajua, haukubaki kwenye simu. Dada, hilo ombi la idara nyingine, ulipewa namba ya kumbukumbu?

Ua la Mbarika
Hapana.

Panzi Mweupe
Piga tena uiombe. Na leo, kabla ya saa moja usiku, andika salio lako pembeni data ikiwa imezimwa, uliangalie tena saa moja na robo bila kuwasha.

Msomi Mchovu
Na mimi bado nasubiri anieleze mtu kwa nini kunitoza kwahitaji mbonyezo mmoja na kuniacha kwahitaji idara nyingine.

Ua la Mbarika
Saa moja na robo imefika. Kabla lilikuwa 71, baada ni 71. Namba ya kumbukumbu nimepata. Ombi lenyewe bado.